Jedwali la chembe nyekundu na jedwali la plazma: lipi linajibu swali la nani ampe nani damu?

"Mtu wa kundi gani anaweza kumpa kila mtu?" Swali hili lina majibu mawili yanayopingana, na yote ni sahihi. Kama kinachotolewa ni chembe nyekundu, jibu ni O. Kama ni plazma, jibu ni AB. Mtahiniwa aliyekariri "O humpa kila mtu" hupata alama kwenye maswali mengi, halafu siku swali likitaja plazma anajibu kwa kujiamini kabisa na anakosa. Hebu tuyaweke majedwali yote mawili pamoja, tuone yanapotofautiana na kwa nini, kisha tumchagulie mgonjwa mmoja damu kwa kutumia yote mawili.

Kwanza chembe nyekundu. Mtoaji yuko kwenye mstari wa kushoto, mpokeaji yuko juu.

| Mtoaji ↓ / Mpokeaji → | O | A | B | AB |
|---|---|---|---|---|
| O | ndiyo | ndiyo | ndiyo | ndiyo |
| A | hapana | ndiyo | hapana | ndiyo |
| B | hapana | hapana | ndiyo | ndiyo |
| AB | hapana | hapana | hapana | ndiyo |

Sasa plazma, kwa mpangilio uleule.

| Mtoaji ↓ / Mpokeaji → | O | A | B | AB |
|---|---|---|---|---|
| O | ndiyo | hapana | hapana | hapana |
| A | ndiyo | ndiyo | hapana | hapana |
| B | ndiyo | hapana | ndiyo | hapana |
| AB | ndiyo | ndiyo | ndiyo | ndiyo |

Ukitazama vizuri utaona kwamba jedwali la pili ni lile la kwanza likiwa limegeuzwa: safu za wima zimekuwa za mlalo. Hilo lina hatari yake. Mtu akilisoma jedwali la chembe nyekundu akidhani mtoaji ndiye yuko juu, anapata majibu ya plazma bila kujua, na kila jibu linaonekana lina mantiki. Kwa hiyo kabla ya kusoma hata kisanduku kimoja kwenye karatasi ya maswali, angalia mstari wa O. Kama kinachoulizwa ni chembe nyekundu na mstari huo wa mlalo umejaa "ndiyo", basi watoaji wako kushoto. Kama safu ya wima ya O ndiyo iliyojaa, watoaji wako juu.

Kwa nini yanapingana

Kwenye utando wa chembe nyekundu kuna minyororo ya sukari. Watu karibu wote wana mnyororo wa msingi unaoitwa H. Mtu wa kundi A ana kimeng'enya kinachoongeza sukari moja mwishoni mwa H, na hiyo ndiyo antijeni A. Wa kundi B anaongeza sukari ya aina nyingine. Wa AB anatengeneza zote mbili. Wa O haongezi chochote, H inabaki ilivyo, na ndiyo maana chembe zake hazina A wala B.

Ndani ya plazma ya mtu mmoja huyohuyo huwa kuna kingamwili dhidi ya antijeni ambayo yeye mwenyewe hana. Mtu wa A ana anti-B. Wa B ana anti-A. Wa O ana zote mbili, na wa AB hana hata moja. Kingamwili hizi hujitokeza zenyewe katika miezi ya mwanzo ya uhai, bila mtu kuwahi kuongezewa damu, kwa sababu vijidudu vya tumboni vina sukari zinazofanana na A na B, na mwili hujifunza kuzipinga zile ambazo si zake.

Sasa hatari yote imo katika mkutano mmoja tu: kingamwili ikikutana na antijeni inayoilenga. Unapompa mgonjwa chembe nyekundu, unapeleka antijeni kwenye mwili wenye kingamwili. Kwa hiyo unauliza: *je, mpokeaji ana kingamwili dhidi ya chembe hizi?* Unapompa plazma, unapeleka kingamwili kwenye mwili wenye chembe. Unauliza kinyume chake: *je, plazma hii ina kingamwili dhidi ya chembe za mpokeaji?*

Chembe za O hazina cha kushambuliwa, ndiyo maana zinakubalika kote. Plazma ya O ina silaha zote mbili, ndiyo maana inamfaa O mwenzake peke yake. AB ni kinyume kabisa. Majedwali yote mawili yanatoka kwenye sentensi hizi chache, na ukizielewa unaweza kuyajenga upya pembeni mwa karatasi kwa muda mfupi.

Hapa kuna swali ambalo watu huuliza, na ni la haki: kama O ana anti-A na anti-B, mbona chembe zake zinapotolewa kwa mtu wa A hazimdhuru? Kwa sababu uniti ya chembe nyekundu imeshaondolewa sehemu kubwa ya plazma. Kiasi kidogo kinachobaki huchanganyika na plazma nyingi ya mpokeaji na kupungua nguvu. Upande wa pili hakuna ahueni ya namna hiyo: mpokeaji ana lita kadhaa za damu zenye kingamwili, na kila chembe ngeni inayoingia inakutana nazo.

Alama ya kujumlisha na kutoa hubadilisha nini

Antijeni D ya mfumo wa Rh ni protini, wala si sukari, na tabia yake ni tofauti na A na B. Mwenye D huandikwa chanya, asiye nayo huandikwa hasi. Kosa kubwa katika maswali ni kudhani kwamba mtu wa Rh hasi amezaliwa na anti-D kama vile mtu wa A alivyo na anti-B. Hana. Anti-D hutengenezwa baada ya mwili wa mtu hasi kukutana na chembe zenye D, ama kwa kuongezewa damu ama kwa ujauzito wa mtoto aliye chanya, na huchukua wiki au miezi kujengeka mara ya kwanza.

Kwa ajili ya jedwali, kanuni ni fupi: chembe za Rh hasi zinaweza kwenda kwa hasi na chanya, chembe za Rh chanya ziende kwa chanya tu. Kwenye plazma, alama hii kwa kawaida haiangaliwi, kwa kuwa plazma haibebi chembe nyekundu za kutosha kuleta D.

Ukijenga jedwali kamili la makundi manane ya chembe nyekundu, kuna hesabu ndogo ya kujikagua ambayo huokoa alama. Kwenye ABO, visanduku vya "ndiyo" ni 9 kati ya 16. Kwenye Rh ni 3 kati ya 4. Kwa hiyo jedwali zima la visanduku 64 lazima liwe na "ndiyo" 27. O− ana 8, O+ ana 4, A− ana 4, A+ ana 2, B− ana 4, B+ ana 2, AB− ana 2, AB+ ana 1. Ukihesabu ukapata 26 au 28, kuna kisanduku umekosea, na mara nyingi kosa liko kwenye mstari wa AB− ambao watu husahau kwamba unaweza kwenda kwa AB+.

Mgonjwa mmoja, majedwali mawili

Swali lenyewe linakuja hivi. Damu ya mgonjwa, mwanamke wa miaka 24 ambaye hajawahi kuongezewa damu wala kushika mimba, imewekwa matone matatu kwenye kigae. Tone la kwanza limechanganywa na anti-A, la pili na anti-B, la tatu na anti-D. Limegandamana la pili tu. Anahitaji chembe nyekundu. Waliopo ni watoaji watano: A−, O−, O+, B+ na AB−. Achaguliwe nani?

Hatua ya kwanza ni kusoma kigae. Kilichodondoshwa ni kingamwili, kwa hiyo kugandamana kunaonyesha *antijeni* iliyo kwenye chembe za mgonjwa. Amegandamana na anti-B, ana antijeni B. Hakugandamana na anti-A wala anti-D, hana A wala D. Ni B hasi. Anayeteleza hapa husema "ana anti-B", na kuanzia hapo kila anachofanya kinakuwa kinyume. Neno kugandamana nalo lisichanganywe na kuganda. Damu iliyoganda ni kazi ya chembe sahani na protini za kugandisha, na hutokea hata kwa damu isiyo na tatizo lolote. Kugandamana ni chembe nyekundu kushikana vifundo vifundo kwa sababu kingamwili zimezifunga pamoja. Kwenye kigae halisi, tone lililoachwa hadi likakauka pembeni nalo hufanana na lililogandamana, ndiyo maana matokeo husomwa mapema, ndani ya dakika chache.

Hatua ya pili: orodhesha kingamwili za mgonjwa. Ni wa B, kwa hiyo ana anti-A. Hana anti-D kwa sasa, lakini anaweza kuitengeneza.

Hatua ya tatu ni kuwapitia watoaji. A− ana antijeni A, na mgonjwa ana anti-A. Anatoka. AB− naye ana A, anatoka kwa sababu hiyohiyo. Hawa wawili wamewekwa makusudi kumnasa anayetazama alama peke yake akasema "hasi kwa hasi, hakuna shida". B+ hana A, kwa hiyo kwa upande wa ABO anafaa, lakini ana D, na mgonjwa hana. Huyu amewekwa kumnasa anayetazama herufi peke yake. O+ ni hivyohivyo: ABO inafaa, D haifai. Anabaki O−, naye ndiye jibu.

Inafaa kutofautisha uzito wa makosa hayo, maana maswali ya maelezo huuliza. Akipewa chembe za AB−, anti-A iliyopo tayari kwenye damu yake inazishambulia papo hapo. Kingamwili huwasha protini za komplimenti, chembe zinapasuka ndani ya mishipa, na hemoglobini inamwagika kwenye plazma. Dalili huweza kuanza dakika za mwanzo: homa, kutetemeka, maumivu ya mgongo au kifua, mkojo kuwa mwekundu au wa rangi ya kahawia, shinikizo la damu kushuka, na baadaye figo kufeli. Hata mililita chache tu huweza kuanzisha hayo. Hatua ya kwanza ya muuguzi ni kusimamisha uniti hiyo mara moja.

Akipewa B+, siku hiyo pengine asione lolote, kwa kuwa hana anti-D. Madhara yanakuja baadaye: mwili unajifunza kutengeneza anti-D. Akiongezewa tena damu chanya, chembe zitavunjwa. Na kwa umri wake, kubwa zaidi ni ujauzito, kwa sababu anti-D ni kingamwili ndogo inayopita kondo la nyuma na kuvunja chembe za mtoto aliye Rh chanya. Anti-A na anti-B zilizo nyingi ni kubwa mno kupita kwa wingi kiasi hicho, na ndiyo maana tatizo la ABO kwa mtoto aliye tumboni huwa jepesi kuliko la D. Kwa hiyo makosa yote mawili ni "hapana" kwenye jedwali, ila la kwanza linaweza kuua leo na la pili linaweka deni. Hospitalini, damu hasi ikikosekana na maisha yakiwa hatarini, wataalamu wanaweza kuamua kumpa mgonjwa hasi damu chanya, hasa mwanamume au mwanamke aliyepita umri wa kuzaa. Hawaamui kuvuka mstari wa ABO. Kwenye mtihani, jibu jedwali linavyosema, isipokuwa swali lenyewe limekupa hali hiyo ya dharura.

Tuseme sasa kwenye orodha anaongezwa mtoaji wa sita, B−. O− na B− wote ni salama. Swali likiuliza "nani *anaweza*", taja wote wawili. Likiuliza "nani *afaa zaidi*", chagua B−. Sababu moja ni kwamba chembe za O− ndizo pekee zinazoweza kupewa mtu yeyote kabla kundi lake halijajulikana, kwa hiyo hazitumiwi pale ambapo za kundi lenyewe zipo.

Sasa geuza swali. Mgonjwa yuleyule, B hasi, hahitaji tena chembe nyekundu, anahitaji plazma kwa sababu damu yake haigandi vizuri. Watoaji ni walewale. Chembe zake zina antijeni B, kwa hiyo tunakimbia plazma yenye anti-B. O− na O+ wana anti-B: wanatoka. A− ana anti-B: anatoka. B+ ana anti-A peke yake, na mgonjwa hana A: anafaa, na ile chanya yake haina uzito hapa. AB− hana kingamwili ya upande wowote: anafaa.

Ukiweka majibu ya mgonjwa huyu pamoja, tofauti inaonekana wazi kuliko kwenye jedwali lolote.

| Mtoaji | Chembe nyekundu kwa B− | Plazma kwa B− |
|---|---|---|
| A− | hapana, mgonjwa ana anti-A | hapana, plazma ina anti-B |
| O− | ndiyo | hapana, plazma ina anti-B |
| O+ | hapana, kwa sababu ya D | hapana, plazma ina anti-B |
| B+ | hapana, kwa sababu ya D | ndiyo |
| AB− | hapana, mgonjwa ana anti-A | ndiyo |

Yule aliyekuwa pekee salama ndiye hafai tena, na AB− aliyekuwa hatari sana sasa ni chaguo zuri. A− na O+ hawafai popote, ila O+ kwenye chembe nyekundu amezuiwa na D peke yake. A− amezuiwa na ABO pande zote mbili, na hivyo ndivyo ilivyo siku zote kati ya A na B: kila mmoja ana antijeni ambayo mwenzake anaipinga, uende mbele urudi nyuma.

Swali likisema "damu" tu

Vitabu vingi vya shule huandika "damu" na kumaanisha chembe nyekundu. Kama hakuna neno plazma kwenye swali, tumia jedwali la kwanza. Lakini likisema *damu nzima*, maana yake chembe na plazma vinaingia pamoja, na kwa uangalifu kamili majedwali yote mawili lazima yaseme "ndiyo" kwa wakati mmoja. Yapandanishe uone: visanduku vinavyobaki na "ndiyo" pande zote ni vile vya mshazari tu, O kwa O, A kwa A, B kwa B, AB kwa AB. Vinne kati ya 16. Hiyo ndiyo sababu damu nzima hutolewa kwa mtu wa kundi lilelile, na wanaotumia damu nzima ya O katika dharura huchagua kwanza ile ambayo anti-A na anti-B zake zimepimwa zikaonekana ni hafifu.

Kukariri au kujenga

Kwa maswali ya kuchagua herufi ambayo muda wake ni mfupi, kukariri mstari wa O na safu ya AB kunatosha kujibu sehemu kubwa. Lakini kukariri hakukuonyi unapogeuka. Mtu aliyekariri akisoma jedwali kinyume hana namna ya kugundua. Anayejenga anaanza na mpokeaji, anaandika kingamwili zake, kisha anafuta kila mtoaji mwenye antijeni inayolengwa. Akibadilishiwa swali kuwa plazma, anaandika antijeni za mpokeaji na kufuta kila mtoaji mwenye kingamwili zinazozilenga. Mimi ningechagua kujenga, hata kama kunakula nusu dakika zaidi, kisha nitumie zile 27 kujikagua.

Kuna aina moja ya mgonjwa inayoshinda majedwali yote mawili. Ile H ya msingi tuliyosema watu karibu wote wanayo, wachache sana hawana. Aina hii iliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1952 kutoka Bombei, na bado inabeba jina la mji huo. Kwenye kigae mtu huyu hagandamani na anti-A wala anti-B, kwa hiyo anasomeka kama O. Lakini ana anti-H kali, na chembe za O zimejaa H. Jedwali litasema apewe O, naye atazivunja. Kinachomgundua ni kuchanganya plazma yake na chembe za mtoaji kabla ya kuongezewa, kipimo ambacho maabara hukiita krosmachi, na ambacho hufanywa hata pale makundi yanapolingana kwenye karatasi, kwa sababu nje ya ABO na Rh kuna mifumo mingine mingi ya antijeni ambayo majedwali haya hayaitaji. Swali likikuonyesha mgonjwa "wa O" ambaye plazma yake inagandamana na chembe za kila mtoaji wa O aliyeletwa, jibu linalotafutwa ni hilo.